Ngazi za ada: uchunguzi wa hesabu juu ya kutoa pesa kwa simu, kwa wanafunzi wa sekondari Lubumbashi

Watu wawili wamesimama mbele ya kabine moja kule Katuba. Wa kwanza anatoa faranga 10 000, wa pili anatoa 11 000. Kwa jedwali tutakalotumia hapa chini, wa kwanza analipa ada ya 400 na wa pili 900. Faranga 1 000 za ziada zimemgharimu wa pili faranga 500. Lakini angeomba kutoa 10 000 kwanza, halafu 1 000 peke yake, angelipa 650 tu.

Ada ya kutoa pesa, ile ambayo mitaani tunaiita fre ya retré, haipandi polepole pamoja na kiasi. Inasimama palepale kwa muda, halafu inaruka. Mwongozo huu unamwonyesha mwanafunzi wa humanite jinsi ya kuuchunguza mruko huo mpaka apate jambo analoweza kulithibitisha kwa hesabu. Unahitaji karatasi ya milimita, kikokotoo na jedwali moja la ada. Kompyuta inasaidia, lakini si lazima.

Kupata jedwali na kulisafisha

Chagua kampuni moja, huduma moja na sarafu moja. Hapa kwetu simu moja huwa na akaunti ya faranga na akaunti ya dola, na kila akaunti ina ngazi zake. Ukichanganya namba za dola na za faranga kwenye grafu moja, au ada ya kutuma na ada ya kutoa, utapata nukta zilizotawanyika ambazo hazielezi kitu. Tunashauri uanze na kutoa pesa kwa faranga, kwa sababu ngazi zake zinaonekana wazi.

Jedwali rasmi huwa limebandikwa kwenye ukuta wa wakala. Linakili lote pamoja na tarehe, kwa kuwa ada hubadilika, na kazi isiyo na tarehe mwalimu hawezi kuisahihisha. Kisha lithibitishe kwa meseji nane hadi kumi za kutoa pesa, zilizoombwa kwa watu wa nyumbani. Kutoka kwenye kila meseji nakili vitu vinne tu: tarehe, kiasi, ada na sarafu. Majina, namba za simu na salio la mtu visiingie kwenye daftari lako hata kidogo. Usipige picha ya skrini, maana picha inachukua vyote.

Ukikuta meseji isiyolingana na jedwali, usiitupe. Mara nyingi ni muamala wa kutuma badala ya kutoa, au ni wa dola, au ni wa kabla ya ada kubadilika. Kuna pia ile pesa ambayo wakala anaidai mkononi juu ya ada rasmi. Hiyo haionekani kwenye meseji, kwa hiyo ukiipata iandike kwenye safu ya pembeni, usiijumlishe na ada.

Angalia vizuri mipaka. Baadhi ya majedwali huandika "5 000 – 10 000" na mstari unaofuata "10 000 – 25 000". Je, anayetoa 10 000 kamili yuko kwenye ngazi gani? Jedwali lenyewe halijibu. Tafuta meseji ya mtu aliyetoa kiasi kilekile cha mpakani, na ada aliyokatwa ndiyo itakayokuambia. Usiendelee kabla ya kulimaliza hili, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinategemea mipaka.

Jedwali la mazoezi

Jedwali hili si la kampuni yoyote. Limetungwa kwa ajili ya kufundishia, ili darasa zima liweze kulinganisha majibu kabla ya kila kundi kwenda kwenye jedwali lake la kweli.

| Ngazi | Kiasi kinachotolewa (FC) | Ada (FC) |
|---|---|---|
| A | 1 000 – 5 000 | 250 |
| B | 5 001 – 10 000 | 400 |
| C | 10 001 – 25 000 | 900 |
| D | 25 001 – 50 000 | 1 500 |
| E | 50 001 – 100 000 | 3 200 |
| F | 100 001 – 200 000 | 5 000 |

Kiasi kidogo kabisa cha kila ngazi tutakiita sakafu, na kikubwa kabisa tutakiita dari. Sakafu ya C ni 10 001, dari yake ni 25 000. Ada ya kiasi x tutaiandika f(x).

Grafu ya kwanza: ngazi

Ukijaribu kuchora kuanzia 0 hadi 200 000 kwenye karatasi moja, ngazi A na B zitabanana ndani ya sentimita moja. Chora grafu mbili. Ya kwanza iende hadi 25 000 tu: laza karatasi, sentimita 1 iwe faranga 1 000 kwa mlalo, na sentimita 1 iwe faranga 100 za ada kwa wima. Ya pili iende hadi 200 000, sentimita 1 kwa faranga 10 000 za mlalo na sentimita 1 kwa faranga 500 za wima.

Kila ngazi ni mstari wa mlalo. Kwenye dari weka nukta iliyojazwa. Pale mstari unapoanzia, kushoto, weka duara tupu, isipokuwa kwenye A, ambako 1 000 yenyewe imo kwenye ngazi na inapata nukta iliyojazwa. Kosa tunaloliona karibu kila mara ni mwanafunzi kuunganisha ngazi mbili kwa mstari wa wima. Mstari huo ungesema kwamba anayetoa 10 000 analipa 400, na 500, na 900 kwa wakati mmoja, na hapo f haiwi tena fonksio. Kosa la pili ni kuunganisha dari kwa mistari ya mshazari. Inapendeza kwa macho, lakini inadai kwamba anayetoa 17 500 analipa 650, wakati jedwali linasema 900.

Grafu ya pili: meno ya msumeno

Sasa uliza: kwa kila faranga 100 ninazotoa, ada inakula ngapi? Fomula ni hii:

```
r(x) = 100 × f(x) / x
```

Ihesabu kwenye sakafu na kwenye dari ya kila ngazi, halafu kwenye viasi viwili vya katikati. Kwa jedwali letu unapata haya:

| Ngazi | r kwenye sakafu | r kwenye dari |
|---|---|---|
| A | 25% | 5% |
| B | 8,0% | 4% |
| C | 9,0% | 3,6% |
| D | 6,0% | 3% |
| E | 6,4% | 3,2% |
| F | 5,0% | 2,5% |

Ndani ya ngazi ada haibadiliki, kiasi kinakua, kwa hiyo r inashuka kwa mkunjo, si kwa mstari ulionyooka. Ukivuka dari inaruka juu, halafu inaanza kushuka tena. Grafu nzima ni kama meno ya msumeno. Chora angalau nukta nne kwa kila jino, la sivyo mkunjo hautaonekana.

Kuna mtego hapa. Watu wengi hutoa viasi vya duara: 5 000, 10 000, 50 000. Hivyo ni dari, na ukipima dari peke yake unaona 5, 4, 3,6, 3, 3,2, 2,5. Msumeno wote umetoweka! Kinachobaki ni kijikosa kimoja tu: kwenye E asilimia imepanda badala ya kushuka, kutoka 3 hadi 3,2. Kizungushie duara. Tutakirudia, na ndicho kiini cha uchunguzi.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokwisha kusoma integrali wanaweza kwenda hatua moja zaidi. Wastani wa r kwenye ngazi C si nusu ya jumla ya 9 na 3,6, yaani 6,3. Viasi vikiwa vimetawanyika sawasawa kati ya 10 000 na 25 000, wastani ni karibu 5,5, kwa sababu mkunjo unashuka haraka mwanzoni halafu unatulia.

Swali lenyewe: kugawa kunapunguza ada lini?

Anza na ngazi B. Anayetoa 8 000 analipa 400. Akigawa mara mbili, hata sehemu zikiwa ndogo namna gani, kila moja ni ya ngazi A au zaidi, basi atalipa angalau 250 + 250 = 500. Kugawa hakumsaidii. Jibu limepatikana kwa ngazi nzima bila kujaribu viasi vyote 5 000, na mwanafunzi ajifunze kuandika hoja ya namna hiyo kwa sentensi kamili.

Ngazi C ina tabia tofauti. Kuanzia 10 001 hadi 15 000, sehemu moja ya B na moja ya A zinatosha, ada 650 badala ya 900. Kuanzia 15 001 hadi 20 000, B mbili zinatosha, ada 800. Kuanzia 20 001 kwenda juu unahitaji B mbili na A moja, ada 1 050, ambayo imezidi 900. Hivyo katika C kugawa kunafaa mpaka 20 000, baada ya hapo hakufai. Usisahau kiasi cha chini kabisa: 10 001 haigawanyiki kuwa 10 000 na 1, kwa sababu hakuna anayetoa faranga moja. Inagawanyika kuwa 9 001 na 1 000, na ada bado ni 650.

Ukiendelea kwa kubahatisha, kwenye E utapotea, maana michanganyiko ni mingi. Tumia njia yenye mpangilio. Dari zote za jedwali letu zinagawanyika kwa 5 000, kwa hiyo hesabu kwa matofali: tofali moja ni faranga 5 000, na kiasi chochote kisicho kamili kinapandishwa hadi tofali linalofuata bila kubadilisha ada yake. Kisha jaza jedwali la ada ndogo kabisa, g(k), kuanzia tofali 1 kwenda juu. Kwa kila k, linganisha ada ya kutoa kwa mkupuo mmoja na kila jumla g(1) + g(k−1), g(2) + g(k−2), na kuendelea mpaka nusu. Andika iliyo ndogo kuliko zote.

Matofali 1 hadi 10 yanatoa: 250, 400, 650, 800, 900, 1 150, 1 300, 1 500, 1 500, 1 500. Hakiki namba ya nane mwenyewe: 7 na 1 ni 1 550, 6 na 2 ni 1 550, 5 na 3 ni 1 550, 4 na 4 ni 1 600. Mkupuo mmoja, 1 500, umeshinda. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila namba mpya inatumia zile ulizokwisha kuzipata, na huna haja ya kufikiria sehemu tatu au nne. Zimo ndani tayari.

Matofali 11 hadi 20, yaani ngazi E yote, yanatoa: 1 750, 1 900, 2 150, 2 300, 2 400, 2 650, 2 800, 3 000, 3 000, 3 000. Tazama tena. Ada ya E ni 3 200, na haionekani hata mara moja. Hakuna kiasi hata kimoja kati ya 50 001 na 100 000 ambacho mkupuo mmoja ni nafuu kwacho. Hata 100 000 kamili, pale kwenye dari ambapo tungetegemea ngazi iwe na faida, mara mbili 50 000 inagharimu 3 000.

Ile 3,2 uliyoizungushia duara ilikuwa imeshatuonya, na sababu yake inaweza kuthibitishwa. Tuseme dari ya ngazi fulani ni M na asilimia yake pale ni p. Tuseme pia kwamba ngazi zote za chini, kwenye dari zao, zina asilimia kubwa kuliko p au sawa nayo. Ukiigawa M katika sehemu, kila sehemu inaanguka kwenye ngazi ya chini, au inabaki kwenye ngazi ileile lakini chini ya dari. Vyovyote vile asilimia yake haiwezi kuwa chini ya p, kwa kuwa ndani ya ngazi r ni ndogo kabisa kwenye dari. Basi jumla ya ada za sehemu haiwezi kuwa chini ya p% ya M, ambayo ndiyo ada ya mkupuo mmoja. Kwa hiyo, pale ambapo asilimia za dari zinashuka ngazi baada ya ngazi, kugawa hakushindi kamwe kwenye dari. E imevunja sharti hilo, maana D ina 3% na E ina 3,2%.

Tahadhari: kuvunja sharti kunafungua mlango tu, hakumaanishi kwamba lazima kugawa kushinde. Hapa kumeshinda kwa sababu 100 000 ni 50 000 mara mbili kamili. Ukitaka kuona tofauti, weka dari ya E iwe 90 000 na ada yake 2 900. Asilimia ni karibu 3,2 vilevile, lakini 90 000 ni matofali 18 na g(18) kwa kugawa ni 3 000, basi mkupuo mmoja unashinda. Zoezi la kutafuta ada ya E inayofanya kugawa kusiwe na faida kwenye dari ni zuri kwa kundi lililomaliza mapema.

Ngazi F tunakuachia. Ili ujue kama umekosea: mkupuo mmoja unaanza kuwa nafuu baada ya 160 000.

Sema wazi kwenye ripoti kwamba huu ni uchunguzi wa karatasi. Wakala anaweza kukataa kuhudumia mtu mmoja mara tatu mfululizo, kampuni inaweza kukataza miamala iliyogawanywa, na kuna kikomo cha kutoa kwa siku. Hakuna sababu ya mwanafunzi kutoa pesa halisi ili kujaribu.

Pesa inayokwama

Hili ni swali fupi, lakini wazazi wanaowatumia watoto wao pesa za chuo wanalijua kwa uchungu. Salio ni S. Ni kiasi gani kikubwa kabisa kinachotoka kwa mkupuo mmoja? Tunatafuta x kubwa kabisa ambayo x + f(x) haizidi S.

Chukua S = 26 000. Ukipunguza ada ya D, 1 500, unapata 24 500, lakini 24 500 si ya ngazi D, kwa hiyo ada hiyo haihusiki. Ukitumia ngazi C, dari yake ni 25 000, ada 900, jumla 25 900. Unatoa 25 000 na faranga 100 zinabaki. Sasa jaribu S = 26 500: bado 25 000, na faranga 600 zimebaki, kwa sababu kutoa 25 001 kunahitaji 26 501. Kuanzia salio la 25 900 hadi 26 500, kila faranga iliyoongezwa haitoki. Tafuta eneo la namna hii kwenye kila mpaka, upime urefu wake, na ueleze unatokana na nini. Mruko wa ada kati ya C na D ni 600, na ndio unaoamua urefu huo.

Mstari unaodanganya

Mwanafunzi mwenye kompyuta atataka kupitisha mstari wa wastani kwenye nukta na kuishia hapo. Mwache afanye, halafu aukague. Kwenye dari sita za jedwali letu mstari bora ni takriban huu, x ikiwa katika maelfu ya faranga:

```
f = 264 + 24,8x
```

Kipimo cha uhusiano, r ya takwimu (si ile r(x) ya juu), ni karibu 0,99. Inaonekana kama ushindi. Lakini kwa 50 001 mstari unatabiri ada ya karibu 1 500, na jedwali linadai 3 200. Kipimo kikubwa kimetokana na kuchagua nukta za dari peke yake, na nukta ya 200 000 iliyo mbali na nyingine inauvuta mstari kwake. Ongeza sakafu sita kwenye data, hesabu upya, na ulinganishe.

Kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo shule nyingi za hapa zinayo, ada ya kiasi kilicho A2 inapatikana hivi, sakafu zikiwa kwenye safu F na ada kwenye G:

```
=RECHERCHEV(A2;$F$2:$G$7;2;VRAI)
```

Safu F lazima iwe na sakafu (1 000, 5 001, 10 001 na kuendelea), zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Ukiweka dari, kiasi chochote kisicho dari kamili kitapata ada ya ngazi isiyo yake, au kitaleta kosa kikiwa chini ya 5 000. Jaribu kwa 10 000 na 10 001: majibu yasipokuwa 400 na 900, safu F ina kosa.

Kuhamia kwenye jedwali la kweli

Vipindi viwili vinatosha kwa jedwali la mazoezi, viwili vingine kwa la kweli. Kundi moja lichukue M-Pesa, jingine Airtel Money, jingine Orange Money, na kila moja lianze na asilimia za dari, kwa sababu hizo zinaonyesha haraka ni ngazi ipi ya kuchimba. Dari zisipogawanyika kwa 5 000, tafuta kigawanyo kikubwa cha pamoja cha dari zote na ulifanye hilo tofali lako. Kikitoka kidogo mno, kwa mfano 100, jedwali la g litakuwa na maelfu ya mistari; hapo acha njia ya matofali na uchunguze maeneo ya karibu na sakafu tu, ukianza na ngazi ambayo asilimia ya dari yake imepanda badala ya kushuka.